Buriani, Mzee Karani

Kwa masikitiko tunawaarifu wanachama wa chama chetu cha msingi cha kahawa, hapa mteremkoni mwa Kilimanjaro, kwamba Mzee Karani, kama tulivyozoea kumwita, alifariki dunia nyumbani kwake juzi alfajiri.

Alisimamia mizani yetu kwa misimu 26. Kabla ya kupima, aliifuta sahani kwa kitambaa chake cha bluu, akahakikisha mshale umesimama kwenye sifuri, kisha akataja kilo kwa sauti mara mbili, ili hata bibi aliyesahau miwani ajue kinachoandikwa kwenye kitabu chake. Kahawa ambayo haijakauka vizuri aliirudisha, iwe ya jirani au ya shemeji yake, na wapo waliomnunia kwa jambo hilo. Mimi nilikuwa mmoja wao, msimu mzima.

Hakuwa mtu wa maneno mengi, wala hatutadai kwamba alipendwa na kila mtu. Kwenye mikutano alikaa nyuma, na alipoulizwa maoni alifungua daftari kwanza. Madaftari hayo yote yamo ofisini, yamefungwa kwa kamba za katani, na mwanachama yeyote anaweza kuyasoma.

Tunampa pole mjane, watoto na wajukuu. Mazishi yatafanyika Jumamosi saa nane mchana kwenye kihamba cha familia. Siku hiyo ghala litafungwa. Wenye mizigo walete Jumatatu.

Katibu wa chama