Barua kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kozi ya Utangulizi wa Isimu

Dar es Salaam, Novemba

Ndugu wanafunzi,

Karibuni chuoni. Najua wengine bado mnahangaika na usajili na chumba cha kulala, ila mihadhara inaanza Jumatatu na haitamsubiri mtu. Isomeni barua hii yote, hata kama mmeshasikia habari za kozi hii kutoka kwa kaka na dada zenu wa mwaka wa pili.

Wengi mlipata alama nzuri za Kiswahili kidato cha sita, na hapo ndipo wanafunzi wangu wengi huanzia kuteleza. Chukueni maneno manne: mti, mwaka, moyo, muundo. Ukinijibu kwamba yote yamo katika ngeli ya U-I, umesema kweli, lakini hujajibu swali langu. Mimi nataka kujua kwa nini kiambishi kimoja kimejitokeza kwa sura tofauti, na utabiri wako kuhusu neno ambalo hujawahi kuliona. Fasili za kukariri hazitakufikisha huko. Itakubidi uitazame data, upendekeze kanuni, kisha uitafutie mfano wa kuivunja. Kazi hiyo tutaifanya muhula mzima.

Alama 40 zinatokana na kazi za muhula: majaribio mawili ya alama 15 kila moja, na kazi ya semina ya alama 10. Zilizobaki, 60, ni za mtihani wa mwisho. Mnaodhani mtafidia kila kitu kwenye mtihani, pigeni hesabu: aliyeingia na 12 anahitaji 28 kati ya 60 ili afikishe 40 tu, na jumla yake ikipungua hapo anarudi kufanya sapu wakati wenzake wako likizo.

Mahudhurio. Tunakutana Jumatatu na Jumatano, saa mbili kamili asubuhi, kwa wiki 15. Hiyo ni mihadhara 30, na asiyefikisha robo tatu, yaani 23, hatafanya mtihani wa mwisho. Karatasi ya kusaini inazunguka mara moja, nami naiondoa saa mbili na robo. Wa Mbagala na Gongo la Mboto, najua foleni ya siku ya mvua za vuli ilivyo, kwa hiyo ukichelewa ingia kimya ukae nyuma. Siku hiyo hutahesabiwa, lakini somo utalipata. Kumsainia mwenzako ni udanganyifu: nikiwakamata, nyote wawili mnapoteza siku tatu. Ukiugua, niletee cheti cha daktari ndani ya wiki moja. Ukifiwa, niandikie ujumbe mfupi uende, mengine tutayaongea ukirudi.

Kazi za semina ziandikeni wenyewe. Nimewahi kuletewa kazi ya steshenari yenye jina jipya ukurasa wa kwanza na namba ya usajili ya mwenye nayo wa zamani ukurasa wa tatu. Aliyeileta alipata sifuri, tena bila mjadala.

Mkikwama, njooni. Nipo ofisini Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi alasiri, na hakuna haja ya kupiga simu kwanza. Ila usije kuniambia "Mwalimu, sijaelewa topiki yote." Njoo na daftari, unioneshe mstari ulipoishia kuelewa, tuanzie hapo. Maswali madogo mpelekeeni msaidizi wangu kwenye semina, na mambo ya ratiba yapitie kwa kiongozi wa darasa, ambaye tutamchagua wiki ya kwanza. Tunafundishana kwa Kiswahili, lakini marejeo mengi yako kwa Kiingereza. Ikikuwia vigumu, semeni mapema. Wiki ya pili tutaunda vikundi vya kusoma sura pamoja.

Yapo pia yasiyo ya darasani. Bumu likichelewa, au Bodi ya Mikopo ikikupa pungufu ya ulichotarajia, usijifungie chumbani. Nenda ofisi ya mikopo ya chuo na kwa Mshauri wa Wanafunzi kabla hali haijawa mbaya. Huko huko wapo wanasihi, na kumwona mnasihi hakuingii kwenye matokeo yako.

La mwisho nalisema wazi. Alama katika kozi hii hazina bei. Mtu yeyote, nikiwemo mimi, akikudai fedha au ngono ili ufaulu, anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25 kikitaja rushwa ya ngono. Hifadhi jumbe zake, mwambie unayemwamini, na piga TAKUKURU namba 113, ni bure.

Jumatatu njooni na daftari, kalamu, na maneno kumi ya lugha ya nyumbani kwenu, umoja na wingi wake. Wa Pwani ambao lugha yenu ni Kiswahili, leteni ya bibi na babu.

Wenu,
Mhadhiri wa kozi