Muhtasari wa Mpango wa Kuendeleza Huduma Wakati wa Dharura

Kutoka: Meneja wa Uendeshaji, Makao Makuu, Kariakoo
Kwa: Viongozi wa timu Kariakoo, Mbagala na Kibaha

Mpango kamili wa SACCOS yetu una kurasa 64 na kila mkuu wa tawi anao kabatini. Sitarajii mtu aufungue huku maji yanaingia ofisini, kwa hiyo haya ndiyo ya kushika. Chapisha nakala mbili: moja ikae kaunta, nyingine nyumbani kwako. Iliyo ndani ya kompyuta haitakufaa siku kompyuta yenyewe imezima.

Wa kupigiwa

Namba hizi fupi ni za laini za mkononi za ofisi. Namba binafsi za wenzenu sijaziweka hapa. Zimo kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu ya kila tawi, kwa sababu karatasi ya kaunta husomwa na kila anayepita, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu na sisi.

- 701, Meneja wa Uendeshaji: ndiye anayetangaza dharura. Asipopokea kwa dakika 10, usiendelee kusubiri.
- 702, Mhasibu Mkuu: hutangaza kwa niaba yake, na ndiye pekee anayeruhusu fedha taslimu kuhamishwa kati ya matawi.
- 703, Mkuu wa TEHAMA. Msaidizi wake ni 713.
- 704, Ofisa Majengo na Ulinzi: jenereta, funguo, walinzi.
- 705, Ofisa Uhusiano: taarifa zote kwa wanachama na waandishi wa habari hutoka kwake. Usiandike chochote kwenye kundi la WhatsApp la wanachama.

Moto ukiwaka, zimamoto 114 kwanza. Uvamizi, polisi 112. Sisi tupigie baadaye. Baada ya kupata taarifa, kila kiongozi awapigie watu wa timu yake na kurudisha jibu 701 ndani ya dakika 45: wangapi wamepatikana, nani hajulikani alipo.

Mifumo na muda wa kuirejesha

| Mfumo | Urudi ndani ya | Data inayoweza kupotea |
|---|---|---|
| Umeme wa jenereta | dakika 15 | – |
| Malipo kwa simu | saa 2 | hakuna |
| Akaunti za wanachama | saa 4 | dakika 30 |
| Makato ya mishahara | siku 2 (siku 1 kuanzia tarehe 25) | siku 1 |
| Barua pepe | siku 1 | saa 4 |
| Maombi ya mikopo mipya | siku 3 | siku 1 |

Muda unaanza kuhesabiwa huduma inaposimama, si dharura inapotangazwa. Ukikaa saa nzima ukidhani mtandao utarudi wenyewe, umeshakula robo ya muda wa akaunti za wanachama.

Kuhusu hizo saa 4, tuambiane ukweli: jaribio la mwisho la kurejesha mfumo kutoka kwenye nakala rudufu lilichukua saa 5 na dakika 40. Diski mpya zimeagizwa. Hadi zifungwe, mwambie mwanachama saa 6, usimpe ahadi ya kwenye jedwali.

Katika muda huo kaunta haifungwi. Amana zinapokelewa kwa stakabadhi za mkono, kitabu chenye nakala tatu. Kutoa fedha mwisho ni Sh 200,000 kwa mwanachama kwa siku, akiwa na kitambulisho na kijitabu chake, na salio linaangaliwa kwenye orodha iliyochapishwa jioni iliyotangulia. Hapa ndipo wengi huteleza: orodha hiyo ichapishwe kila siku kabla ya kufunga, hata siku ambayo kila kitu kiko shwari. Mfumo ukirudi, stakabadhi ziingizwe na watu wawili, mmoja akisoma namba na mwingine akiandika.

Mtandao na mafuriko

Tuna laini mbili za intaneti, ila zisiwape usingizi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika pamoja, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Laini mbili zinazopita baharini kulekule ni kama laini moja. Seva yetu iko hapahapa nchini, kwa hiyo hali hiyo ikijirudia matawi yataendelea kuifikia. Barua pepe na mawasiliano ya nje ndiyo yatakayolala.

Jangwani ikijaa maji na Barabara ya Morogoro ikafungwa, wafanyakazi wa Kariakoo wanaoishi upande wa Magomeni, Kimara na Mbezi waende Kibaha. Wa upande wa Temeke waende Mbagala. Kibaha kuna meza 6 na kompyuta 4 zilizotengwa. Mkuu wa tawi la Kibaha hahitaji ruhusa ya 701 kuzifungua.

Namba ikibadilika au mtu akihama timu, nipate taarifa kabla ya tarehe 25 ya mwezi huo.