Barua ya Pongezi kwa Serikali ya Wanafunzi

Kwa kaka mkuu, dada mkuu na viranja wote,

Mlipokuja ofisini kuomba shilingi 400,000 za maonesho ya sayansi, niliwapa 85,000 na moyoni nikajua mtarudi kesho yake kulalamika. Hamkurudi. Nawapongeza, na papo hapo nakiri kwamba niliwadharau.

Jumamosi nilipita meza moja baada ya nyingine. Kidato cha pili walikuwa na ndimu, misumari ya bati na vipande vya waya wa shaba vilivyochunwa kwenye nyaya chakavu. Ndimu mbili hazikuwasha ile taa ndogo nyekundu. Nikasema kimoyomoyo, "Haya, aibu hiyo." Binti akaniambia bila wasiwasi kwamba kila ndimu haifiki hata volti moja na taa inataka karibu mbili, akaunganisha nyingine mbili mfululizo. Ikawaka. Kwa unyonge, lakini ikawaka.

Meza ya choya ndiyo iliyojaza wazazi. Juisi ile ile tunayokunywa nyumbani ilizidi kuwa nyekundu kwenye ndimu na ikageuka kijani kwenye maji ya magadi. Mama mmoja anayeuza juisi sokoni aliomba arudiwe mara tatu.

Kwenye meza ya mbegu za mlonge, mgeni aliona tope limetuama chini akauliza kama maji yale sasa yanafaa kunyweka. Kijana wetu angeweza kujisifu. Akajibu, "Bado, mzee. Yamekuwa meupe tu, vijidudu vimo. Lazima yachemshwe." Jibu hilo nililipenda kuliko jaribio lenyewe.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo mlipofanya kazi ambayo wageni hawakuiona. Manila na maka peni 32,000. Gundi na nyaya 18,500. Kukodi spika 28,000. Mbao za maelezo mlizitengeneza kwa katoni mlizoomba madukani, meza zikawa madawati yetu mliyoyabeba wenyewe usiku wa Ijumaa, na ndimu mkapewa sokoni kwa ahadi ya kufagia vibanda, ahadi mliyoitimiza Jumapili asubuhi. Mhazini wenu ameniletea risiti zote pamoja na chenji ya shilingi 6,500. Kuna kamati za watu wazima ambazo sijawahi kuziona zikirudisha chenji.

Dosari moja: spika ilikuwa karibu mno na meza za kidato cha kwanza, wadogo zenu wakapiga kelele hadi sauti zikakauka. Mwakani isogezwe getini.

Hiyo 6,500 ibaki kwenu, iwe ya kuanzia maonesho yajayo. Mkija tena kuomba, leteni bajeti yenu kamili na nitaisoma yote kabla ya kukata kitu.

Ijumaa jioni kutakuwa na pilau bwaloni kwa viranja na wote waliosimama kwenye meza. Kiranja wa chakula asiingie jikoni siku hiyo. Naye atapakuliwa kama wenzake.

Wenu,
Mkuu wa Shule