Yah: Kuomba ushauri kuhusu shahada ya uzamili

Mwalimu,

Shikamoo. Ni Rehema, yule uliyemsimamia mradi wa mwaka wa mwisho kuhusu E. koli sugu kwenye maji ya visima vifupi. Tangu nihitimu niko kwenye maabara ya hospitali, upande wa kuotesha vimelea na kupima dawa. Kazi naipenda. Lakini dirisha la maombi ya uzamili linafunguliwa mwezi Machi, na sitaki kujaza fomu kabla sijakusikia wewe.

Kwenye rasimu yangu ya mwisho uliandika pembeni: "Umeonyesha kuwa ni sugu. Usugu huo umetoka wapi?" Wakati ule nilijibu kwa aya moja ya kubahatisha, nawe ukaniachia. Swali lenyewe halijaniacha. Kila nikipima duara la diski ya ampisilini au tetrasaiklini, najua dawa imeshindwa, ila sijui usugu huo ulipita kwa nani kabla ya kumfikia mgonjwa huyu.

Hapo ndipo ninapokwama. Nimekuwa nikifikiria njia mbili, na kila moja naona inanipa nusu ya jibu.

Ya kwanza ni mikrobiolojia ya molekuli. Jeni nyingi za usugu hubebwa kwenye plasmidi, na plasmidi huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa spishi tofauti. Kwa hiyo kumfuatilia bakteria peke yake hakutoshi, maana jeni inaweza kuwa imeshahamia kwingine. Nimesoma pia kwamba jenomu ikisomwa kwa vipande vifupi, plasmidi huwa ngumu kuziunganisha kwa sababu ya sehemu zinazojirudia, na kwamba vipande virefu husaidia. Mambo haya nayasoma usiku bila kulazimishwa na mtu. Hofu yangu ni kuishia kuijua plasmidi moja nje ndani, huku yule mtu anayechota maji kisimani nikiwa nimeshamsahau.

Ya pili ni epidemiolojia. Hii nilianza kuitazama kwa jicho jingine baada ya kuanza kazi. Sampuli tunazopokea nyingi ni za wagonjwa ambao dawa ya kwanza haikuwasaidia. Aliyepona kwa dozi ya mwanzo haletwi kwetu. Ukitumia takwimu zetu kukadiria usugu katika jamii, utapata picha mbaya kuliko ilivyo. Daftari letu la matokeo halina hata safu ya kuonyesha kama mgonjwa alishatumia dawa, na nilipouliza niliambiwa hiyo ni kazi ya daktari. Nadhani siku ile ndipo nilipogundua kwamba sampuli imechukuliwa kwa nani kunanisumbua kama vile kilichoota kwenye sahani. Udhaifu wangu unaujua: takwimu. Nimejifundisha R kiasi cha kuchora grafu na kufanya regresheni ya lojistiki, lakini sijui kama hiyo inatosha kuanzia.

Utafiti ninaotamani kufanana nao ni ule uliotangaza jeni ya mcr-1 nchini China mwishoni mwa 2015. Watafiti waliikuta jeni hiyo, inayokinza kolistini, kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa, ikiwa kwenye plasmidi. Kilichonivutia zaidi ya jeni yenyewe ni kwamba walitafuta pande zote hizo. Mtu wa kufanya kazi ya namna hiyo husomea nini kwanza?

Binafsi naegemea epidemiolojia, kisha nijifunze uchambuzi wa jenomu ndani ya tasnifu. Rafiki zangu wa maabara wanasema ni kinyume: ujuzi wa benchi ukiuacha miaka miwili unapotea, ilhali takwimu mtu anaweza kujifunza wakati wowote. Wewe umesimamia wanafunzi wa pande zote mbili, na uliniona nikifanya kazi. Naomba uniambie bila kunionea haya ni wapi unadhani nitafika mbali. Kama unaona bado sijaiva na inafaa nibaki kazini kwanza, niambie hivyo hivyo.

Jambo jingine dogo: je, unanishauri uzamili wa masomo na tasnifu, au wa utafiti mtupu? Nahofia kwamba wa utafiti mtupu hautaniziba pengo la takwimu.

Nimeambatanisha muhtasari wa kurasa mbili wa ninachotaka kuchunguza. Barua ya utambulisho siiombi sasa. Nitaiomba nikishajua naelekea wapi. Kama kuzungumza ni rahisi kwako kuliko kuandika, mimi hutoka zamu saa kumi jioni na nitapiga simu siku utakayonipangia.

Nashukuru sana, Mwalimu.

Mwanafunzi wako,
Rehema