Kumbukumbu za mkutano wa kamati ya wakazi, Jumamosi 8 Juni 2024

Kwa: Wanakamati wote
Tarehe: Jumatatu 10 Juni 2024

Ndugu wanakamati,

Hamjambo? Kumbukumbu za mkutano wetu wa Jumamosi, South B, ni hizi. Rasimu niliyoweka kwenye kundi la WhatsApp ilikuwa na hatua zilizoandikwa kila moja kivyake: "tunazibua mtaro", "MWEKA HAZINA KUDAI", "bei zilitafutwa". Hiyo ya mwisho ilimfanya Mzee wa nyumba ya 9 aulize bei hizo ziko wapi, ilhali hakuna aliyezitafuta bado. Sasa mjadala uko katika wakati uliopita na hatua zote ziko katika wakati ujao. Herufi kubwa zimebaki mwanzoni mwa sentensi na kwenye majina tu. Tulichokubaliana hakijaguswa.

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, wawakilishi wa orofa ya kwanza na ya tatu, na msimamizi wa jengo. Mwakilishi wa orofa ya pili alitoa udhuru.

Kumb. 1/6/2024: Mtaro
Mjadala huu ulichukua karibu nusu ya mkutano. Msimamizi alieleza kuwa tangu mvua za Aprili na Mei mtaro wa nyuma umejaa matope na chupa, na maji hurudi hadi kwenye mita za stima. Orofa ya kwanza ilitaka kazi ianze mara moja. Mweka Hazina alikataa kulipa fundi bila bei mbili za kulinganisha. Mwenyekiti aliamua bei zitafutwe kwanza, ila kwa siku chache.

Kumb. 2/6/2024: Ada
Kati ya nyumba 24, nyumba 17 zililipa ada ya Mei ya shilingi 1,500. Deni lilikuwa shilingi 10,500. Iliamuliwa kuwa majina ya wenye deni yasibandikwe langoni.

Kumb. 3/6/2024: Taka
Mwenyekiti alikumbusha kuwa sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inataka taka zinazooza zitenganishwe na taka kavu. Wajumbe walikubali.

Hatua za utekelezaji
1. Msimamizi ataleta bei za mafundi wawili wa mtaro kufikia Ijumaa 14 Juni.
2. Mweka Hazina atamlipa fundi atakayechaguliwa kufikia Jumatatu 17 Juni.
3. Mweka Hazina atawapigia simu wenye deni, mmoja mmoja, kufikia Jumamosi 15 Juni.
4. Mwakilishi wa orofa ya tatu atanunua mapipa mawili ya taka kufikia Jumamosi 22 Juni.
5. Katibu atamjulisha mwakilishi wa orofa ya pili maamuzi haya leo.

Mkutano ulifungwa saa kumi na moja na robo jioni. Ujao utakuwa Jumamosi 6 Julai, saa tisa alasiri, palepale kwenye maegesho.

Mwenye sahihisho anijibu kwa barua pepe hii kabla ya Alhamisi. Tafadhali si kwenye kundi, huko hupotea katikati ya salamu za asubuhi.

Wenu,
Katibu