MALALAMIKO YA PAA LINALOVUJA

Tabata, Dar es Salaam
12 Mei 2025

Kwa Mwenye Nyumba

Mzee wangu, shikamoo.

YAH: PAA LINALOVUJA KATIKA VYUMBA NILIVYOPANGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpangaji wako wa vyumba viwili na sebule upande wa nyuma, na kodi yangu nimelipa hadi mwisho wa Agosti. Paa lilianza kuvuja mvua za masika ziliposhika kasi mwezi uliopita, nami nilikupigia simu tarehe 14 Aprili ukaahidi kuleta fundi wiki hiyohiyo. Fundi hakuja. Nilikutumia ujumbe pamoja na picha, nikamweleza pia kijana wako anayekusanya fedha za umeme, lakini tangu hapo simu zangu hazipokelewi.

Kwa sasa maji hayadondoki tena sehemu moja. Katika chumba cha watoto ubao wa dari umelegea na kushuka katikati, godoro limeota ukungu, na kila mvua inaponyesha usiku tunahamishia watoto sebuleni na kukinga maji kwa ndoo. Kinachonitisha zaidi ni umeme: maji yanateremka ukutani hadi kwenye swichi ya taa, ambayo juzi ilitoa cheche, kwa hiyo chumba hicho tunakitumia gizani.

Fundi bati niliyemwita kwa gharama yangu alipanda juu na kuona kwamba kofia ya paa imeinuka, mipira ya misumari imeoza na bati tatu zimetoboka kwa kutu kwenye maungio. Alikadiria shilingi 380,000, vifaa na ufundi. Kupaka lami juu ya matundu, kama ilivyofanyika mwaka jana, hakutasaidia. Lami ile imeshapasuka kwa jua.

Mkataba wetu unaniachia mimi usafi na matengenezo madogo ya ndani. Paa ni lako, na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 88, inamtaka mwenye nyumba aliyepangisha sehemu tu ya jengo kulitunza paa lake katika hali nzuri.

Kwa hiyo naomba bati hizo zibadilishwe na nyaya zikaguliwe na fundi umeme kabla ya tarehe 26 Mei 2025. Kama fedha hazijapatikana, niruhusu kwa maandishi nitengeneze mwenyewe na gharama ikatwe kwenye kodi ijayo. Stakabadhi zote nitakukabidhi. Tarehe hiyo ikipita bila jibu, nitalifikisha suala hili ofisi ya serikali ya mtaa, na ikishindikana huko, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ingawa kwa jinsi tulivyoishi vizuri nisingependa tufike huko.

Nimeambatanisha picha na makadirio ya fundi.

Wako mtiifu,
Mpangaji, vyumba vya nyuma

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa