Shahidi wa Bi Time

Adhana ya kwanza ya Ijumaa iliponadiwa, Faki alikuwa hajachukua nakala ya wiki. Nje ya ghala, karibu na Wete, karafuu zilikuwa bado zimetandazwa majamvini, harufu yake imejaa hadi ofisini. Akachomeka flashi, akaandika haraka:

```
rsync -av /media/faki/FLASH/ghala/ ~/ghala/
```

Jina la faili likapita kwenye skrini: `mizani.ods`. Mara moja tu, kisha kimya. Akafunga kompyuta, akaenda kutia udhu.

Aliporudi akafungua daftari la mizani. Mstari wa mwisho ulikuwa wa 348. Asubuhi ulikuwa wa 412.

Alikaa mikono ikiwa mapajani. Folda inayotangulia ndiyo inayonakiliwa, inayofuata ndiyo inayopokea. Naye aliitanguliza flashi. Faili la Ijumaa iliyopita limelikalia la leo. Laiti angetia `-u`, herufi moja tu, faili jipya lingerukwa, lisiguswe. Akatafuta kwenye takataka za kompyuta. Hamna kitu, kwani faili lililoandikwa juu yake haliendi huko.

Wakulima 64. Na vitabu vya stakabadhi zenye nakala viliisha tangu Jumamosi, kwa hiyo kila mkulima alipewa karatasi moja, ya pili haikuwapo. Fedha zao zilikuwa zilipwe Jumatatu.

Hakusubiri aulizwe. Alimpigia Maalim, msimamizi wake, akamwambia, "Nimefuta mimi, Maalim. Si umeme, si mashine."

Maalim alinyamaza kidogo. "Basi zifuate karatasi huko ziliko, mwanangu."

Jumamosi na Jumapili Faki alizunguka kwa baiskeli, Konde mpaka Mtambwe, daftari la mkono kapuni. Karatasi nyingine zilitolewa ndani ya misahafu, nyingine chini ya godoro, moja imefungiwa chumvi. Jumapili magharibi alikuwa nazo 63.

Bi Time alikuwa uani, akichambua vikonyo. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa donge jeupe lililoganda.

"Nilifua jana," akasema.

Faki akalifumbua donge lile kwa ncha za vidole. Halikuwa na hata herufi.

"Kilo 37 na nusu," Bi Time akasema. "Daraja la pili. Nikakwambia hizi la kwanza, ukazitia mkono ukaniambia bado zina unyevu kidogo, bibi. Nikanyamaza."

Faki akakumbuka mkono wake ndani ya gunia lile. Akafungua daftari, kalamu ikasita juu ya mstari.

"Maalim ataniuliza shahidi, bibi. Nimwambie nani?"

"Si wewe," akasema, "uliyeandika?"

Faki akaandika: kilo 37.5, daraja la pili. Pembeni, penye nafasi ya shahidi, akatia jina lake.